Meza ya Murusagamba

Nimeuza spea za pikipiki mjini Ngara kwa miaka mingi, hata sabuni ya mche haiondoi tena harufu ya grisi mikononi mwangu. Nilichoka zamani. Lakini uchovu haukunizuia kutamani duka la pili, kule Murusagamba, ambako barabara inatafuna matairi na hakuna aliyefungua duka la maana. Nilijiona mwerevu kuliko wafanyabiashara wote wa wilaya.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu, nami humwita mwalimu kama wanavyomwita majirani. Alinisikiliza bila kuinua macho. Alijua fedha zingetoka wapi. Tangu tuoane tunaishi nyumba za kupanga, na mali yetu ni kiwanja kimoja cha Nyamiaga, tulichonunua kwa kiinua mgongo chake. Nyumba haijaanza, ila alishapanda migomba, miche aliyoitoa shambani kwa marehemu mama yake.

"Jaribu kwanza," alisema. "Usiuze kitu hujajaribu."

Nikajaribu. Kwa magulio sita nilipakia tairi, tyubu, cheni na breki kwenye pikipiki ya kukodi, nikafika Murusagamba kiuno kimekufa, nikatandika meza. Mwalimu alibaki dukani Ngara. Mzigo ulikuwa unaisha kabla ya saa nane mchana. Nikirudi nilimkuta na daftari lake lenye mwandiko wa ubaoni, akisema wateja wamepungua. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia wateja hawafundishwi, wanakaribishwa. Akafunga daftari.

Mwenye fremu ya duka niliyoitaka kule alidai kodi ya mwaka mzima mkononi. Nikajumlisha rafu, leseni, mzigo wa kuanzia, na mshahara wa muuzaji wa miezi sita ambayo duka lisingeweza kujilisha. Jumla ilikuwa karibu sawasawa na bei ya kiwanja. Mnunuzi nilishampata, na tulikubaliana kuandikishana Jumatatu.

Gulio la sita, mzee mmoja wa bodaboda alikuja kununua tairi la nyuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akalibonyeza tairi kwa dole gumba.

"Mama, umetupunguzia safari," alisema. "Sisi wa kijiwe hiki tulikuwa tunakufuata kulekule Ngara. Sasa tunakungoja hapa, tunaokoa mafuta."

Alinishukuru kwa moyo mweupe. Nilimtazama vizuri, nikamkumbuka. Nilishamuuzia dukani si mara moja wala mbili. Tangu gulio la kwanza nilihesabu vitu vilivyouzwa, sikuhesabu nani ananunua.

Kuanzia hapo kila aliyefika mezani nilimuuliza: mara ya mwisho ulinunua wapi? Kwako, mama. Kwako. Kwako pale karibu na stendi. Wageni kabisa walikuwa watatu. Nililala kwa shemeji yangu, kesho yake, siku isiyo ya gulio, nikatandika tena. Hadi jioni nilikuwa nimeuza tyubu moja na plagi. Nilikaa nikitazama mbuzi wakipita, nikajionea huruma na hasira kwa pamoja. Nilitaka kuuza kiwanja ili nilipe kodi mbili na kuhudumia watu walewale.

Njiani kurudi nilipanga maneno. Kuomba radhi kunanishinda kuliko kubeba matairi. Dukani nilikuta amefunga mapema. Niliingia kwa ufunguo wangu, nikaanza na daftari lake: nililifungua kwenye kaunta, siku sita za gulio, nikaona mauzo ya Ngara yameshuka kila moja ya siku hizo. Aliandika yote sawasawa, na mimi nilimdhihaki.

Nilimkuta nyumbani, nyuma, kwenye kauwanja ka mwenye nyumba tusikoruhusiwa hata kupanda mchicha. Suruali ilikuwa na udongo hadi magotini. Ukutani alikuwa amepanga miche ya migomba, kila mmoja umefungwa mizizi kwa kipande cha gunia.

"Umefanya nini, mwalimu?"

"Jumatatu si karibu?" alisema. "Kiwanja auziwe huyo mnunuzi wako. Hii migomba ya mama sikuweza kumwachia."

Kumbe hakuwahi kusema hapana kwa sababu alishaamua kunipa kiwanja. Alining'olea migomba mwenyewe, kwa mikono yake, ili mimi nisipate shida ya kumwomba. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Nilimweleza yote, ya yule mzee, ya tyubu moja, ya daftari. Nikasema nitaendelea na meza siku ya gulio tu, bila fremu, wale wazee waokoe mafuta yao, na kiwanja hatuuzi. Nikasema nisamehe. Alisikiliza huku akimwagia miche maji kwa kopo.

Akanyooka polepole, mkono kiunoni.

"Mashimo ya Nyamiaga sijayafukia," alisema.