Barua ya Kwenda kwa Kazija

Mwaka wa hamsini na nne Mwinyijuma alikuwa amekwisha choka. Meza yake ilikuwa barazani karibu na posta ya Tanga, na kazi yake kuwaandikia barua wasiojua kuandika. Salamu hazikumchosha. Zilizomchosha ni barua za misiba. Aandike nini tena? Fulani katangulia mbele ya haki, fulani kaitika wito, fulani hatunaye. Maneno yale yale, vifo vipya.

Asubuhi hiyo alikuja Jumbe, mkata mkonge wa Kigombe, macho mekundu.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Sema, baba."

"Mwenzangu Mbarouk. Tulilala chumba kimoja. Jumatatu ilimshika homa... Niandikie mkewe, Kazija, yuko Pemba. Mwambie mumewe hana hali, aje upesi. Tutampasha habari akishafika."

Mwinyijuma alichovya kalamu. Ndivyo watu wafanyavyo: msiba hautupwi mbele ya mtu aliye mbali, asije akaanguka peke yake. Mwenyewe amekwisha andika "hawezi, ni mgonjwa" nyingi za namna hiyo. Lakini mkono ulisita.

"Mmemzika lini?"

"Jumanne."

"Basi mwanamke huyu yumo edani, wala hana habari. Eda yahesabiwa tangu mume alipokata roho, si tangu mke aliposikia. Ukimwambia hana hali, atajifukiza udi, atavaa kikuba cha maua kifuani, apande chombo kuja kumuuguza mume. Siku zake za kukaa ndani bila mapambo zitapotelea baharini. Utamfanyia hivyo mke wa mwenzako?"

"Wallahi sitaki! Ila nikimwandikia ukweli, atausomewa na nani? Na mtoto wa jirani? Aanguke uani?"

"Ana kaka?"

"Yupo, Massoud. Anajua kusoma."

"Hapo umesema. Barua iende kwa Massoud."

Akaandika polepole, huku mgongo ukimuuma:

"Ama baada ya salamu, ndugu yetu Mbarouk ameitika wito wa Mola wake siku ya Jumatatu alasiri. Tumemsitiri Kigombe, siku ya Jumanne, watu wengi. Usimpe Kazija barua hii mkononi. Waite kwanza wanawake wazima wakae naye, kisha umwambie kwa taratibu. Akae eda nyumbani, asisafiri. Vitu vya marehemu tutavileta wenyewe."

"Siku umeiandika?" Jumbe aliuliza.

"Nimeiandika. Hayo mengine ni ya kumpoza, siku ni ya kumsaidia."

"Nisomee."

Mwinyijuma alisoma. Alipofika "tumemsitiri", Jumbe alishika ukingo wa meza.

"Tangu juzi kila aniulizaye namwambia hawezi," alisema. "Hata wewe nilikujia na hilo hilo. Kumbe, Mwinyi... kumbe kafa kweli."

Akalia, na watu wa posta wakimtazama. Mwinyijuma hakumwambia nyamaza. Alivuta kiti akamkalisha, kisha akaifunga bahasha.