Mama Ukoko na Sahani Mia

Mama mkubwa wangu alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani hakuna aliyelitumia tangu sherehe ya mwaka uliopita, chakula kilipokwisha na wageni wa mwisho wakapakuliwa ukoko. Tangu siku hiyo akawa Mama Ukoko. Hata muuza nyanya alimwita hivyo, tena kwa heshima zote, na hiyo heshima ndiyo iliyomkera zaidi.

Kwa hiyo mtaa ulipotaka kufungua ukumbi wake mpya na kulisha watu mia, yeye ndiye aliyeomba kupika. Kuomba si neno lenyewe. Alimfuata mwenyekiti mpaka kwa kinyozi, akamkuta amenyolewa upande mmoja, akamwambia mbele ya watu, "Nipe sufuria. Safari hii mgeni hata mmoja akila ukoko, niiteni hivyo mpaka kaburini."

Mwenyekiti alikubali. Mtu aliyenyolewa nusu hana pa kukimbilia.

Shida ikawa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kwa woga angepikia watu mia chakula cha jeshi.

"Wifi, mchele kilo ishirini na tano," alisema wakiwa wameketi jikoni kwetu, "na mafuta lita sita. Tusije tukaumbuka tena."

"Kilo moja inalisha watu saba, na wanashiba," mama mkubwa alijibu. "Kumi na tano zinalisha mia na watano. Wali ukiiva unakaribia mara tatu ya uzito wa mchele. Hizo ishirini na tano utazipikia wapi, kwenye beseni la kufulia?"

"Na nyama?"

"Kumi na tano vilevile, nyama ya mifupa. Mwenye bucha ataikata vipande ishirini na kimoja kila kilo. Vipande vitatu kwa sahani, hakuna cha mdogo wala mkubwa."

"Haya, mafuta?"

"Lita tatu. Lita kwa kila kilo tano za mchele, na humohumo nakaangia vitunguu vya mchuzi. Ukimwaga sita watu watakinai kabla ya hotuba."

"Mwaka jana ulipiga hesabu hiyohiyo, wifi yangu."

"Na mwaka jana aliyepakua nani?"

Aliyepakua ni huyohuyo wifi. Ni kweli, mkono wake ni mpana. Akikupenda anakujazia sahani mpaka wali unaporomoka, na bahati mbaya anapenda watu wote.

Siku yenyewe mama mkubwa alimnyang'anya upawa mapema, akampa kazi ya kukata ndimu. Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya sufuria mbili na bakuli dogo mkononi, kila sahani bakuli moja, akilisawazisha juu kwa kisu kama fundi anayepiga lipu. Mzee mmoja alimwomba amwongeze kidogo. "Kula kwanza baba, ukimaliza uje unidai," alimwambia. Mzee hakurudi. Alishiba.

Tulikuwa tumeazima sahani mia kamili, nazo zote zikatoka. Kisha wakatokea shemeji watano wa mwenyekiti, ambao hakuna aliyewaalika. Nikamwangalia mama mkubwa. Hakutikisika. Aliwapakulia kwenye mabakuli ya kachumbari, bakuli moja moja, vipande vitatu vitatu, na wa mwisho akapata wake sawa na wa kwanza. Nilitamani kumkumbatia palepale.

Ndipo wifi yake akauliza, kwa sauti ndogo, "Na sisi?"

Tulikuwa wapishi saba, tumesimama na aproni zetu, tumbo linanguruma tangu alfajiri. Mama mkubwa alimhesabu kila mwalikwa na akaweka akiba ya wasioalikwa. Wanaopika hakuwahesabu. Aliinamia sufuria ya kwanza, kisha ya pili. Akakaa chini.

Tukafunga mlango wa jikoni, tukakaa naye. Sahani hakukuwa na hata moja, tukachota kwa mikono, ukoko na mchuzi mtupu. Lita tatu za mafuta zilikuwa zimetosha, maana ulibanduka vipande vizuri vya kahawia, vinalia mdomoni. Mama mkubwa alitafuna huku machozi yakimlengalenga, na mimi sikujua nimpe pole au hongera.

Mara mlango ukagongwa.

"Mama Uko…" mwenyekiti alianza, akajisahihisha, akamwita kwa jina lake lile zuri. "Wageni wote wameshiba! Nimetangaza, jina lile limefutwa leo. Mbona mmejifungia? Mnafanya nini humo?"

Wifi yake alimeza, akafuta mdomo kwa aproni.

"Tunaosha sufuria, mwenyekiti!" alipaza sauti. "Usiingie, kuna utelezi!"

Nyayo zikaondoka. Mama mkubwa akakwangua pembeni mwa sufuria, kule kunakoiva vizuri kuliko kote, akatoa kipande kikubwa, akampa wifi yake.