Pesa Iliyokataa Kutoka

Mimi sikatai kwamba nina roho ngumu. Miaka mingi nimepanga chumba Mashimoni, nikiuza maharagwe na ndengu, na kabla ya hapo niliwahi kutoa pesa mkononi kwa plot ambayo haikuwepo. Hewa tupu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hivyo nilipopata nyumba ya mawe, vyumba viwili, nyuma ya stage ya matatu ya Kawangware 56, niliapa hakuna mtu atanishikia pesa zangu kienyeji.

Muuzaji alikuwa mzee wa hapo hapo, mwenye duka dogo la hardware. Alitaka kuuza amtibu mkewe. Mwanzoni alishangaa. "Sasa mama, huniamini?" Nilimwambia ukweli: simwamini mtu yeyote, asidhani ni yeye peke yake.

Tukaenda kwa wakili, mama mmoja mpole. Akatuambia pesa zote zitawekwa kwenye akaunti ya benki ambayo si yangu wala si ya mzee. Hii ndiyo eskro, akasema.

"Skrubu?" mzee akauliza. Si ni mtu wa hardware.

Wakili alicheka, lakini akasema hata hivyo si mbaya. "Mzee, pesa imefungwa. Huyu mama hawezi kuamka kesho aseme amebadilisha nia aondoke nayo, na wewe huandiki nyumba kwa jina lake kabla hujajua pesa ipo. Na wewe mama, mzee hawezi kuigusa mpaka title, hati ya nyumba, itoke kwa jina lako, safi. Isipotoka kufikia siku iliyoandikwa hapa, na kosa si lako, inakurudia. Ikihitajika kutoka kabla ya hapo, lazima nyote wawili mtie sahihi. Mmoja akikataa, haitoki."

Tulifanya search ofisi ya ardhi kuona nyumba ni ya nani, ikawa safi. Tukatia sahihi, nikaweka pesa benki. Siku hiyo nilinunua nyama, nikajipikia peke yangu nikala kama mtu wa harusi.

Kumbe mpwa wa mzee alisikia nyumba inauzwa. Kabla karatasi za kubadilisha jina hazijasajiliwa, alienda ofisi ya ardhi akaweka zuio, ati nyumba ni ya ukoo mzima. Zuio likiwepo, jina halibadiliki. Wakili alisema mzee anaweza kulipinga, lakini itachukua muda.

Muda ndio mkewe hakuwa nao. Hospitali ilitaka pesa kwanza ndipo apasuliwe.

Mzee alikuja kwangu Mashimoni kwa miguu, akaketi juu ya gunia la ndengu. Hakutaka chai. "Mama, tutie sahihi sisi wawili, itoke kidogo tu. Ya operesheni. Zuio nitaliondoa, Mungu ni shahidi."

Nilijua alikuwa anasema ukweli. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Sikumwona mwongo hata kidogo. Lakini nilijua pia mpwa akishinda, nyumba sipati, na kilichotoka mzee hana pa kukitoa. Nikampigia wakili simu mzee akiwa ameketi hapo. Akasema sheria ya mkataba inaniruhusu kukubali, na inaniruhusu kukataa. Uamuzi ni wangu.

Nikamwambia mzee, "Siwezi."

Alisema, "Sawa, mama." Akajifuta vumbi la gunia kwenye suruali, akaondoka. Hata hakuonyesha hasira. Ningependa anitukane, walahi, ningempatia majibu yake.

Nilimtumia mchango wa hospitali kutoka mfukoni mwangu, kiasi cha kuaibisha. Watu wa kanisa lake walichanga pia. Haikutosha. Mkewe alifariki wiki chache baadaye, zuio likiwa bado liko.

Siku iliyoandikwa kwenye mkataba ilipita, title haijatoka. Benki ilinirudishia pesa yangu, hata senti moja haikupotea, kama wakili alivyosema tangu siku ya kwanza. Nyumba ilibaki kwa mzee, kesi na mpwa wake ikaendelea. Watu wa soko walinipongeza. Ati mimi ni mjanja, wengine wangeliwa.

Nilienda kumwona Kawangware na sukari na unga. Alinikaribisha vizuri, akanipangusia kiti vumbi, akanimiminia chai mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuimimina.

"Pesa yako imerudi?" akaniuliza.

"Imerudi, mzee."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa polepole, akasukuma kikombe karibu nami. "Afadhali. Angalau kuna kitu kimoja kilichopona."