Mstari Ulioishia Kitovuni

Wanafunzi walimwita Bi Nusu, na jina hilo alilijua. Kila alipogawa karatasi za mazoezi ya duara aliwazuia wasishike kalamu kwanza. "Huo mstari umefika wapi?" angeuliza. "Umekata duara zima, au umeishia kitovuni? Ukiishia kitovuni, hiyo ni nusukipenyo. Ukivuka mpaka upande wa pili, hicho ni kipenyo, na kabla ya kutafuta eneo lazima ukikate nusu." Kisha darasa zima lingeitikia kwa pamoja, nusu kwa utii na nusu kwa dhihaka: "Nusu, mwalimu!"

Alikuwa mwalimu wa hisabati tangu ujana wake, katika shule moja, jengo moja. Hakuolewa. Aliishi na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Michoro ya mazoezi aliichora kwa mkono wake mwenyewe, kwa bikari yenye ncha kali, na nakala za kwanza alizihifadhi ndani ya jalada gumu. Zoezi la duara lilikuwa na mtego alioupenda kuliko yote. Swali la nne na swali la saba yalibeba namba ileile, sentimita kumi na nne. Katika la nne mstari ulivuka duara zima. Mzingo ukawa sentimita arobaini na nne, eneo sentimita za mraba mia moja hamsini na nne. Katika la saba mstari uliishia kitovuni. Mzingo ukapanda hadi themanini na nane, eneo likawa mia sita kumi na sita. Aliyekimbilia namba bila kutazama mchoro alinaswa hapo.

Macho yalianza kumsaliti taratibu. Daktari alimweleza kwamba sehemu ya kati ya jicho, kule nyuma, imechakaa, na kwamba hakuna miwani ya kuirudisha. Pembeni aliona vizuri. Katikati ya kila alichokitazama palikaa doa la kijivu.

"Dada, utawaambia lini shuleni?" mdogo wake alimuuliza, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani.

"Niwaambie nini? Kwamba naona dunia nzima isipokuwa kile ninachokitazama?"

"Waambie hivyohivyo."

"Wataniondoa darasani."

"Watakupa kazi nyingine."

"Kazi gani? Wewe unadhani mimi najua kazi nyingine?"

Mdogo wake alikata uzi kwa meno na kugeuza nguo upande wa pili.

Hivyo mwalimu aliificha hali yake. Alijifunza kutazama kando ya kitu ili kukiona, na wanafunzi wakamwona mwenye maringo, kana kwamba kila mara anaongea na mtu aliye dirishani. Aliwaamuru waandike majibu kwa tarakimu kubwa. "Kama za kwenye kalenda ya ukutani," alisema. "Sitaki mchwa kwenye karatasi yangu." Nyumbani alizipitia tarakimu hizo mojamoja kwa kioo cha kukuzia. Michoro hakuisumbukia, kwa sababu aliichora mwenyewe na kila swali alilijua kwa moyo.

Muhula mmoja karani wa shule, kijana mwenye nia njema, aliamua kuyachapa upya mazoezi yote kwa kompyuta. Nakala za zamani zilikuwa zimefifia, na wanafunzi walirithishana majibu kutoka kwa waliowatangulia. Kwa hiyo alibadilisha mpangilio: mchoro wa saba akauweka kwenye nafasi ya nne, wa nne akaupeleka kwenye ya saba. Alipompelekea mwalimu karatasi mpya alimweleza, "Nimezisafisha, mwalimu, na nimezichanganya kidogo." Mwalimu aliipitisha karatasi mbele ya uso wake, akaona mviringo wa kila duara na namba kumi na nne mahali alipoitarajia. Neno la pili la karani halikumwingia. "Zinapendeza," akasema.

Zoezi hilo lilikuwa la kuamua nani abaki katika mkondo wa kwanza na nani ashushwe. Mwalimu alilisahihisha kwa kumbukumbu. Waliotazama mchoro na kukokotoa kwa haki walipata mikasi miwili mikubwa myekundu ya kukosa. Waliobeba majibu ya kaka zao walipata vema kila mahali.

Asubuhi ya kurudisha karatasi, msichana mmoja wa safu ya mbele alisimama. Hakuwa msemaji, hata kuitikia "nusu" aliitikia kwa midomo tu.

"Mwalimu, samahani. Swali la nne nimekosa wapi?"

"Soma ulichoandika."

"Mzingo, mbili mara pai mara kumi na nne, themanini na nane. Eneo, pai mara kumi na nne mara kumi na nne, mia sita kumi na sita."

"Hujakata nusu. Mstari umefika wapi?"

"Umeishia kitovuni, mwalimu."

"Tazama tena."

"Nimetazama."

Nyuma mvulana mmoja akacheka. "Keti wewe, unashindana na Bi Nusu kwa nusu?" Darasa likacheka naye, kisha likanyamaza, kwa sababu msichana alikuwa bado amesimama na machozi yamemlenga.

"Njoo utazame mwenyewe, mwalimu," alisema. "Tafadhali."

Mwalimu alikwenda. Aliishika karatasi, akaigeuza kidogo kulia, akaigeuza kushoto. Duara aliliona ukingo wote. Ndani yake doa la kijivu lilikaa palepale mstari ulipopaswa kuishia au kuendelea. Alipitisha kidole. Katika nakala zake ncha ya bikari iliacha tundu pale kitovuni, na kidole chake kililijua tundu hilo. Karatasi ya karani ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Alisimama hivyo muda mrefu kupita kiasi.

"Kuna nani mwingine aliyepata mia sita kumi na sita?" hatimaye aliuliza.

Viti vililia. Wengi walisimama.

Angeweza kusema karani amekosea. Mwalimu mkuu angeamini. Badala yake alikaa mezani, akawaita mmojammoja waje na karatasi zao. "Niambie mstari wako wa nne umeishia wapi. Na wa saba?" Walimwambia, naye akasahihisha kwa kufuata neno lao. Walipofika wale wa majibu ya kurithi walinong'ona, "Umevuka, mwalimu," kuhusu mstari ambao haukuvuka. Hakuwa na njia ya kuwapinga. Ndipo alipofunga kalamu, akakusanya karatasi zote na kuzipeleka kwa mwalimu mkuu.

"Mpe mwalimu mwingine azisahihishe upya," alimwambia. "Mimi siwezi kuona katikati."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla hawa hawajaingia darasa hili."

Mwalimu mkuu alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mpole, na kwa upole huo alimhamishia stoo ya vitabu, chumba kisicho na dirisha kinachopakana na darasa lake la zamani. Msichana alibaki katika mkondo wa kwanza. Hakwenda stoo kushukuru. Mwalimu naye hakumtarajia.

Mdogo wake alimshonea koti la kazi, la buluu, lenye mifuko mipana. Alikuwa amelivaa, amesimama kati ya rafu, akihesabu vitabu kwa kugusa migongo yake, siku mwalimu mpya alipofika kwenye somo la duara. Sauti ilipenya ukutani bila shida.

"Chukueni namba iliyo kwenye mchoro, muiingize kwenye kanuni," mwalimu yule mpya alisema. "Haraka, tuna mada nyingi."

Bi Nusu alisubiri swali lake liulizwe. Kalamu zilianza kukwaruza.