Sauti Kwenye Ukungu wa Nyansiongo

Bosibori alikuwa na ng'ombe saba wa maziwa Nyansiongo na pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alipotaka kujifunza kuiendesha, shemeji yake Jethro alijitolea kukaa kando yake.

"Una leseni, shemeji?" Bosibori aliuliza.

"Nimeendesha trekta miaka yote. Leseni ya nini?"

Bosibori akatikisa kichwa. Kwenye shule ya udereva mjini Kisii alikuwa ameelezwa waziwazi: mwenye leseni ya muda ya mwanafunzi haruhusiwi kuendesha peke yake. Anayemsimamia lazima awe na leseni halali ya gari la aina hiyo, na aketi kando yake. Tena gari liwe na kibao cha herufi L mbele na nyuma. Basi akaiacha pikapu nyumbani, akajifunza kwa gari la shule.

Darasani mambo yalimshinda. Ubao wa mji mdogo, wenye barabara zilizochorwa na kigari cha plastiki cha kusukuma kwa kidole, ulimchanganya. Alikariri alama, kesho yake akazisahau. Mwalimu wake, Ochoki, hakumngoja amalize nadharia.

"Mama, tutaingia barabarani mapema," alisema. "Ukikanyaga breki mwenyewe mbele ya alama, haitakutoka tena kichwani."

Asubuhi moja wakapanda kwa gari la shule hadi milima ya Borabu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, mweupe na mzito, na barabara ikawa inaishia mita chache mbele ya boneti. Bosibori aliwasha taa, akashika gia ya pili. Hakukuwa na mtu, wala mbuzi, wala sauti ya jogoo.

Ghafla kando ya barabara, penye makutano, kikatokea kibao kilichoota kuvu, rangi yote imefunikwa. Alihesabu pembe zake kwa macho, akakanyaga klachi na breki, gari likatulia.

"Kwa nini umesimama?" Ochoki aliuliza.

"Kina pembe nane, mwalimu. Ni cha kusimama kabisa."

Ochoki alitabasamu. "Ndiyo sababu kikapewa umbo la pekee, ili ukijue hata kikichafuka."

Hapo wakasikia kitu kikidondoka nyuma, plastiki juu ya kokoto, kikateleza kufuata mteremko. Kibao cha L cha nyuma kilikuwa kimeanguka.

"Hatuwezi kuendelea bila hicho," Ochoki alisema. "Vuta breki ya mkono. Zima. Washa taa za hatari. Nitakirudishia."

Akashuka, akarudi walikotoka, na ukungu ukammeza.

Bosibori alibaki na mdundo wa taa: tik, tak, tik, tak. Kioo kilianza kuingia mvuke. Kiti cha kushoto kilikuwa bado na joto la mwalimu. Ndipo akasikia sauti, tulivu, ya kiume, kama ya Ochoki kabisa.

"Bosibori. Njoo. Barabara ni nyeupe."

Ilitoka mbele.

Alifuta kioo kwa kiganja. Ng'ambo ya makutano aliona mtu mrefu, hana uso wa kuonekana, mkono ukimwita polepole.

"Njoo, mama. Washa gari."

Mkono wake ulienda wenyewe kwenye ufunguo. Vidole viliushika. Kisha akatazama kushoto: kiti kitupu.

"Siruhusiwi," alinong'ona. "Hakuna mtu kando yangu."

Akauchomoa ufunguo, akaufumbata.

Kabla hajavuta pumzi, lori la mizigo likakatiza makutano kutoka mlimani. Halikuwa na taa, na injini ilikuwa imezimwa. Dereva aliliachia lishuke lenyewe ili kuokoa mafuta. Lilipita kimya; ni upepo wake tu uliotikisa gari. Kisha ukungu ukajifunga, na ng'ambo hapakuwa na mtu.

Ochoki alirudi kutoka nyuma akiwa na kibao mkononi, viatu vimeloa umande.

"Mwalimu, kwa nini uliniita?"

"Mimi? Sikufungua mdomo."

Walitazamana. Ochoki aligeukia makutano. Akakifunga kibao kwa waya, akaingia, akafunga mkanda. "Twende taratibu," alisema.

Siku ya mtihani, mtahini alisogeza kigari hadi makutano ya ubao na kumuuliza Bosibori afanye nini hapo. Bosibori hakuona ubao. Aliona ukungu. Akilini alisimama mstarini, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, akaeleza kila hatua bila kukosea. Barabarani pia alifaulu.

Sasa hupeleka maziwa Kisii mwenyewe kila siku. Wafugaji wenzake humwuliza mbona hatumii njia ile fupi ya kupitia mashamba ya chai. Huwaambia ina mashimo, kisha hubadilisha mazungumzo.