Swali Lililomfukuzisha Avelina Majengo

Avelina Teodori alifukuzwa kwenye meza ya samaki ya Mwamini kwa sababu ya swali moja, na tuseme ukweli, alistahili.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Mazwi, binti wa wakulima wa Milepa, Mkatoliki tangu tumboni. Alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa shahada ya masomo ya jinsia, aliyoisoma jioni na wakati wa likizo huku wenzake wakilala. Kilichobaki ni insha ya utafiti. Isipopita, shahada hakuna, na jasho lote lingekwenda na maji. Mada alichagua mwenyewe: wanawake wa Kiislamu wa mtaa wa Majengo na vazi la kujifunika. Akaenda kwa Mwamini, mjane aliyetoka Kasanga kando ya ziwa, anayeuza samaki aina ya migebuka, akatoa kalamu, akauliza, "Mama, nani alikulazimisha kuvaa hijabu?"

Mwamini alimtazama kama anayetazama samaki aliyelala siku mbili.

"Mwalimu, umekuja na jibu lako mfukoni, halafu unaniomba nilitie chumvi? Shangazi yako Sista Gaudiosa hununua samaki hapa, na kichwa chake hakijawahi kuona jua. Yule umeshamuuliza nani alimlazimisha?"

Avelina akarudisha kalamu mkobani.

"Nenda kamuulize. Ukirudi na swali la mtu mwenye adabu, tutaongea."

Alirudi nyumbani amekasirika, na hasira ile ilikuwa ya mtu aliyeshikwa kwenye kosa. Amelelewa akibusu mkono wa shangazi yake, amebeba shela yake ya utawa kuipiga pasi, na hata siku moja hakuwahi kuiita vazi la kujifunika. Kwake ile ilikuwa dini tu. Ya jirani ndiyo ilikuwa mada ya utafiti. Kosa hili ni letu sote huku Ufipa, tena mwezi wa saba upepo ukianza kukata masikio, wanawake wa dini zote hujitanda khanga kichwani, na hakuna msomi anayekuja kuuliza.

Basi akaanza upya. Akasoma kwa bidii mpaka macho yakamuuma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoona wasomi nao hawapatani. Kuna wanaosema vazi hilo ni mkono wa mfumo dume juu ya mwili wa mwanamke: yeye ndiye hufichwa ili heshima ya mwanamume ibaki salama. Wengine hujibu kwamba kauli hiyo iliwahi kutumiwa na wakoloni, waliojidai kuwakomboa wanawake wa Kiislamu huku wakiwatawala waume na wake pamoja. Wapo wanaosema mwanamke mcha Mungu hajifuniki ili kupinga mtu wala kumtii mtu, bali anaufundisha mwili wake unyenyekevu, na hilo nalo ni tendo lake. Wapo wanawake wasomi wa Kiislamu wanaorudi kwenye aya zenyewe na kubishana juu ya kinachoamriwa na kilichoongezwa na desturi. Na kwenye historia ya pwani yetu akakuta jambo asilolitarajia: zamani watumwa wa kike walikatazwa kujifunika kama mabibi zao, na utumwa ulipokwisha wengi walikimbilia kuvaa baibui kama ushahidi kwamba sasa nao ni watu.

Akarudi Majengo. Safari hii alianza kwa shikamoo, akaeleza kwamba majina yatabadilishwa, kwamba mtu anaweza kukataa swali au kujitoa kabisa, na kwamba kila mmoja atasomewa maneno yake kabla hayajapelekwa chuoni. Kisha akauliza, "Mama, nieleze siku yako na mtandio wako."

"Hapo sawa," alisema Mwamini. "Mume wangu alipofariki, huu ndio ulionitoa nje. Napanda roli la samaki na wanaume kutoka ziwani, hakuna anayenichezea. Lakini usiniandike kwamba navaa kwa ajili ya roli. Navaa kwa ajili ya Mola wangu. Roli ni faida."

Zaituni, fundi cherehani wa mtaa uleule, alisema mengine kabisa. "Mimi nilifungwa nikabu na mume kwa kipigo. Siku nilipoivua nilirudishwa kwetu, watoto wakabaki kwake. Sasa najitanda nikitaka, nisipotaka sijitandi. Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Sista Gaudiosa ndiye aliyemtisha zaidi. Alisikiliza swali la shela yake akipeta ulezi, kisha akauweka ungo chini.

"Baba yangu alilia nilipoweka nadhiri," akasema. "Alitaka niolewe. Kwa hiyo mimi, mwanangu, nilijifunika kwa kuasi. Nikiivua shela leo, shirika si langu tena, wala nyumba, wala wenzangu. Najua hilo. Na ningeivaa tena kesho asubuhi."

Dakta Masalu, msimamizi wake, aliisoma rasimu akakuna kidevu. "Sauti nyingi mno. Zaituni ni ushahidi mzuri. Huyu wa samaki amefungwa fikra, hajui kama anaonewa. Sema hivyo, insha ipate uti wa mgongo."

"Nitajuaje kwamba amefungwa fikra, Dakta?"

"Kwa sababu analitetea vazi."

"Basi Zaituni yuko macho kwa sababu anakubaliana nasi, na Mwamini amelala kwa sababu anatukatalia. Hapo sijasikiliza mtu, nimejisikiliza mwenyewe."

"Avelina, jopo la watahini litakuuliza uko upande gani."

"Na waniulize."

Alitoka na rasimu yake, na hakubadili kitu. Alijua pia kwamba kurundika sauti tu hakutoshi, maana kila mtu husema yake na kipigo cha Zaituni hakiwezi kuhesabiwa kuwa maoni tu. Akatafuta kipimo, akakipata kwenye maneno yao wenyewe: usimuulize mwanamke kama amechagua, angalia akivua kitampata nini. Mwamini angenong'onwa sokoni. Zaituni alipoteza watoto. Kipimo kilisimama vizuri, mpaka alipofika kwa shangazi yake. Sista akivua angepoteza kila kitu, kwa hiyo kwa kipimo hicho hakuwa huru hata kidogo. Na bado ndiye aliyeivaa kwa kuasi, na akasema angeivaa tena kesho.

Jopo lilimbana hasa hapo. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alisema hoja ilikuwa nzuri, isipokuwa aya ya mwisho ya yule mtawa iliibomoa. "Iondoe, tukupe alama ya juu. Ukiiacha, utapita kwa shida."

Dakta Masalu alimkonyeza akubali. Avelina aliwaza shahada, akawaza miaka ya kusoma kwa kibatari umeme ukikatika.

"Naomba ibaki," alisema. "Nilianza kazi hii kwa kumwambia mwanamke mwingine maana ya alichovaa kichwani. Sitaimaliza kwa kumwambia shangazi yangu."

Alipita kwa shida kama alivyoahidiwa.

Jumapili alikwenda kumsomea Sista tena ukurasa ule kama ulivyopitishwa. Sista alisikiliza mpaka mwisho, akavuta shela ikae sawa kwenye paji la uso, kisha akasema, "Miaka yote nimevaa kitu hiki, ni wewe wa kwanza kuniuliza."