Barua Isiyomtaja Kaka Yangu

Barua pepe ya kwanza niliiandika kwa simu, nimekaa juu ya gunia la chisense, mchana mmoja ambao mtandao wa kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, ulikuwa umeamua kufanya kazi. Mkutano ulikuwa wa watu wanaoshughulika na samaki wa maziwa, katika jiji moja la Ulaya. Maelezo niliyowatumia kuhusu namna wanawake wa ufukwe wetu wanavyokausha chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani, yalikuwa yamekubaliwa. Waandaaji wangelipa tiketi ya ndege, hoteli na bima. Kilichobaki ni visa, na ubalozi ulitaka barua rasmi ya mwaliko kutoka kwao.

Nilikuwa na haki ya kwenda. Chisense naijua tangu nabebwa mgongoni, na mimi ndiye katibu wa chama chetu cha wanawake wakaushaji. Lakini nitasema wazi kwamba nisingehangaika kiasi kile kama mkutano ungekuwa katika jiji jingine. Katika jiji lile alikuwa kaka yangu mkubwa, na alikuwa anaumwa ini, ugonjwa wa kutopona.

Mama yetu ni mtu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Kaka alizaliwa huko. Baadaye mama alivuka na biashara yake ya samaki, akaolewa Nchelenge na baba yangu Mzambia, ndiyo maana mimi nina pasipoti ya Zambia na kaka hakuwa nayo. Aliondoka nikiwa bado msichana wa shule, akapita nchi nyingi kwa shida nyingi, mpaka akapata kukaa kule. Tangu siku hiyo tulimjua kwa sauti tu. Mama aliweka simu yake chaji kwa jirani kila asubuhi, kwa ajili ya sauti hiyo.

Kwetu, mtu akienda kuomba kitu kwa mgeni hamrukii na shida yake. Anasalimu, anasema katoka wapi, kisha anataja na yale mengine yanayompeleka huko, ili isionekane baadaye kwamba aliingia nyumbani kwa watu na jambo kalificha kifuani. Mtu anayeficha ugonjwa wa ndugu yake tunamwogopa. Basi nilimwandikia mwandaaji, mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona, nikamshukuru, nikaiombea kazi yake baraka, nikaomba barua, kisha nikamweleza kwamba katika jiji lake yuko kaka yangu mgonjwa, na kwamba mkutano ukiisha ningependa kukaa naye siku chache. Niliisoma mara mbili nikaona ni barua ya mtu aliyelelewa.

Yeye naye alikuwa mtu. Alijibu kwa upole, akanipa pole, akasema ameiandika barua mwenyewe. Ilikuwa na nembo juu, muhuri na sahihi chini. Ilitaja jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, mada yangu, tarehe za mkutano, na kwamba wao ndio wanaolipa. Halafu, kwa kunionea huruma, aliongeza kwamba baada ya mkutano ningebaki kidogo nimtazame kaka yangu aliye mahututi. Nililia nilipoisoma. Nilimtafsiria mama, naye akasema, "Ule mama iko na roho. Mungu amubariki."

Nikachukua minibasi mpaka Mansa, nikalala kwa shangazi, nikapanda basi la Lusaka. Kwenye kituo cha maombi ya visa nilitoa alama za vidole, nikapigwa picha, nikakabidhi pasipoti pamoja na karatasi zangu zote. Msichana wa dirishani aliangalia kama zimetimia tu. Uamuzi si wao, alisema, unafanywa na ubalozi. Nilisubiri Lusaka kwa watu wa kanisa letu, nikiosha vyombo vyao kwa aibu ya kula bure.

Pasipoti ilirudi na karatasi yenye visanduku vilivyotiwa alama. Kimoja kilisema kwamba sababu ya safari na namna ya kukaa havikuthibitishwa. Kingine kilisema kuna mashaka kama nitaondoka muda ukiisha. Nilisimama nje ya jengo lile nikiwa na hasira ya kutaka kupiga mtu, na hakukuwa na mtu wa kumpiga. Mashaka. Mimi niliyewaeleza hata yale wasiyoniuliza.

Nilimwandikia mwandaaji nikamtumia picha ya karatasi ile. Alimuuliza mwenzake aliyezoea mambo ya visa, kisha akanijibu kwa barua ndefu ya mtu anayeumia. Hoteli na bima yao vilikuwa vinaishia siku ya mwisho ya mkutano. Zile siku za kaka hazikuwa na mwenyewe: hakuna karatasi iliyosema nitalala wapi wala nani atanilisha. Kaka angetakiwa kwenda kwenye ofisi ya mtaa wake akaandikishe kwamba atanipokea, na kaka alikuwa hawezi kutoka kitandani hospitalini. Tena, ndugu mgonjwa kule ni sababu ya kutorudi, ndivyo wanavyofikiri. Alisema sentensi yake ya huruma ndiyo imeniponza, na akaniomba msamaha. Kama ningemwandikia upya, ombi rasmi linalohusu mkutano peke yake, ofisi yao ingetoa barua nyingine.

Sikuwahi kumkasirikia. Makosa ya namna ile hufanywa na watu wazuri tu.

Nilirudi Nchelenge. Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa, miezi ile ambayo serikali inakataza kuvua ili samaki wazae. Ufukwe ulikuwa kimya, mitumbwi imepinduliwa, na wanawake walikuwa wanashona magunia yaliyochanika. Niliketi jikoni kwa mama kuandika. Mama alikuwa anasonga ugali, na alitaka nimsomee kila ninachoandika, kwa sababu ni mambo ya mtoto wake.

Ilikuwa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Kichwa: ombi la barua rasmi ya mwaliko kwa ajili ya visa. Jina kamili, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa. Mada nitakayowasilisha. Tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka. Naomba barua ielekezwe ubalozini, ithibitishe nani analipa safari, malazi na bima, iwe na nembo na sahihi. Asante. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Na yaya yako?" aliuliza, maana kwa Kiswahili chao cha Kilwa kaka mkubwa ni yaya. "Iko wapi humu?"

"Hayumo, mama. Banataka mambo ya mukutano tu."

"Unamutosha ndugu yako mu barua? Unamutoa?"

"Namutosha mu barua ili nimuone kwa macho."

"Kumutosha mutu iko akingali muzima," alisema, si kwa ukali, "haiko muzuri."

Nilijua kwamba haiko nzuri. Nilibonyeza itumwe nikiwa nimemgeuzia mgongo, kisha tukala. Ugali ulikuwa na madonge siku ile.

Chama kiliniandikia karatasi yake, kwamba mimi ni katibu na lazima niwe nimerudi kabla ziwa halijafunguliwa. Mwenyekiti wetu aliigonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikalia, akasema, "Ukikaa kule, banamuke ba hapa hakuna atakayepewa visa tena. Unajua?" Nilijua. Barua mpya ya mwandaaji ilifika, kavu, safi, haina hata neno moja la huruma, nami nikarudi Lusaka nayo. Ubalozi ulinipigia simu kuuliza habari za yule kaka wa mara ya kwanza. Nilijibu kweli: yuko, anaumwa, nitamtazama jioni mkutano ukitawanyika, na nitaondoka siku iliyoandikwa. Wakanipa visa. Idadi ya siku iliyochapwa humo ilikuwa ileile ya siku za mkutano, haikuongezwa hata moja.

Nikaenda. Mchana nilisimama mbele ya watu nikawaeleza kwa nini chisense ya mchangani huingia mchanga na ya juu ya vichanja huuzwa bei nzuri, wakanipigia makofi, wakauliza maswali ya adabu. Jioni mwandaaji alinipeleka hospitalini kwa gari lake, akanisubiri chini, hakupanda hata mara moja. Kaka alikuwa amegeuka manjano machoni, mikono imebaki mifupa. Sauti tu ndiyo ilikuwa yake. Siku ya kwanza nilipoingia nilimtambua alipofungua mdomo, na yeye alinitambua, alisema, kwa kuwa nilitembea kama mama.

Hatukusema mambo makubwa. Alitaka kujua nani amekufa ufukweni na nani ameoa. Nilimlisha supu. Nilimkata kucha. Alipenda nimsuguie miguu, iliyokuwa baridi kila wakati, na usingizi ulimchukua nikiwa bado namsugua.

Jioni ya mwisho muuguzi aliniita pembeni akaniambia kwamba ndugu wa karibu wangefanya vizuri wakae naye sasa. Nilirudi kitandani.

"Unarudia wakati gani?" kaka aliuliza.

"Kesho, yaya. Siku ya posho." Ilikuwa Ijumaa.

"Ngoja kidogo. Siku mbili tatu. Siku ya kwanza utaenda." Alimaanisha Jumatatu.

Nilimwambia kwamba siku zangu zimeisha, kwamba barua ilisema hivyo. Aliuliza barua gani. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba ipo barua inayosema nimekuja Ulaya kwa ajili ya samaki, na kwamba kwa barua hiyo yeye hayupo. Nilisema ni barua ya serikali. Aliitikia kwa kichwa, kwa sababu mambo ya serikali aliyajua kuliko mimi, akanishika kidole kimoja akakishikilia mpaka mwandaaji alipopiga simu kutoka chini. Jumamosi nikapanda ndege. Kaka alifariki Jumatatu, mimi nikiwa ndani ya basi kati ya Lusaka na Mansa, na watu wa kanisa lake kule ndio waliomzika.

Matanga tuliyaweka kwa mama. Walikuja watu wa Kabuta, wa Mununga, na wengine walivuka kutoka Kilwa. Kwetu, kabla ya watu kutawanyika, yule aliyemuuguza marehemu husimama akaeleza ugonjwa ulivyoanza, ulivyoendelea, na pumzi ya mwisho ilivyotoka, ili familia yote ijue kwamba hakufa peke yake. Baba mdogo aliniita nisimame. Hakukuwa na mwingine aliyemwona.

Nikaeleza. Nilieleza macho, supu, miguu ya baridi, na maneno aliyoyauliza kuhusu kila mmoja wao, wakawa wanaitikia na kulia. Nikafika Ijumaa jioni. Nikaeleza alivyonishika kidole, mpaka mwandaaji alipopiga simu. Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyosha, ananitazama usoni kama mtu anayesubiri kumaliziwa.

"Kisha?" aliuliza.